Wino wa Mwalimu Nukta

Huyu ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo sisimulii habari za kuokota barabarani. Chuoni, anakosomea uuguzi, wanamwita Mkimya. Jina hilo alipewa na mwalimu wake siku ya kwanza darasani, alipoulizwa swali akabaki kumtazama tu. Na ni mkimya kweli, ila usidanganyike. Akikasirika haongezi sauti, anapunguza, na ukiona amepunguza sana jua kuna mtu atajuta.

Asubuhi ile aliingia saiba, duka la kompyuta, kama mteja mwingine yeyote. Jua lilikuwa limeshapanda, feni inazunguka kwa kulalamika, na kwenye kompyuta ya pembeni mzee mmoja alikuwa anajaza maombi ya pasipoti kwa kidole kimoja. Mwenye duka, Mama Mapacha, alikuwa anatoa karatasi iliyokwama kwenye mashine ya fotokopi huku anaitukana.

"Shikamoo, Mama Mapacha."

"Marahaba, mwanangu. Kaa ile ya dirishani, kibodi yake haigandi. Na kazi yako hifadhi kwenye flashi, usiiache humo ndani. Hizi mashine nimezipanga hivyo, zikizimwa zinafuta kila kitu mteja alichoacha. Juzi mtu alilia hapa kama amefiwa."

Mkimya alikuwa amefiwa kweli, lakini hakusema. Alitoa kwenye mkoba daftari kubwa lenye jalada gumu, akaliweka juu ya meza taratibu.

Lilikuwa la Mwalimu Nukta. Mwanamke huyo alifundisha wauguzi hesabu za dawa mpaka nywele zikawa nyeupe, na jina la Nukta alipewa na wanafunzi kwa sababu ya wimbo wake mmoja: nukta moja ikikaa pasipo pake, mgonjwa anakula dawa mara kumi. Sifuri iandikwe mbele ya nukta, ionekane. Isiandikwe nyuma ya nukta, isije ikameza namba. Mwanafunzi aliyekosea hapo alirushiwa chaki, na mama yule alikuwa na shabaha. Lakini kosa lililomtia wazimu halikuwa hilo. Lilikuwa mtu kubuni. Usipojua, alikuwa akisema, sema sijui, hiyo haijamuua mtu. Alianguka ofisini akisahihisha mitihani, presha ikamchukua kabla hajafika wodini.

Maiti haijapoa vizuri, Mkuu wa Chuo akamwita Mkimya ofisini, akamkabidhi daftari. Yachapwe yawe kitabu, wapewe wanafunzi wote, na vyuo vingine vinunue. "Wewe ndiye unayeusoma mwandiko wake," alisema. Mkimya alitoka pale na furaha yenye machozi. Alidhani ni heshima kwa marehemu. Mimi nikikumbuka furaha ile nachemka mpaka leo.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Mwalimu Nukta aliandika kwa mkono wa kushoto, tena kwa kalamu ya wino wa kujaza, wino wa bluu. Anayeandika kwa kushoto mkono unafuata nyuma ya kalamu, unapita juu ya maneno ambayo hayajakauka. Kwa hiyo kila doa katika daftari lile lilielekea upande mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia, kama vumbi linavyofagiwa. Mahali pengine neno limebaki na mkia tu. Mahali pengine pamebaki wingu.

Mkimya alijipangia utaratibu. Kwanza alizima ile tabia ya kompyuta ya kusahihisha yenyewe, maana ilikuwa inayashika maneno ya Kiswahili na kuyageuza Kiingereza bila kuomba ruhusa. Akaweka rula chini ya mstari anaousoma, jicho lisiruke. Anachapa kilichopo, si anachotaka kiwepo. Neno lenye shaka analipaka rangi ya njano kwenye skrini ili alirudie. Lisilosomeka kabisa anaweka mabano na kuandika ndani yake: haisomeki. Na kila akimaliza ukurasa, anahifadhi kwenye flashi.

Kwa yale ya njano alikuwa na mbinu. Aliinua karatasi dirishani, akaitazama kwa nyuma, kwa sababu ncha ya kalamu huacha mfereji hata wino ukiondoka. Alilinganisha herufi na nyingine za ukurasa uleule. Na mbinu nzuri kuliko zote aliigundua mwenyewe. Mwalimu alikuwa mtu wa haraka, akifunga daftari kabla wino haujakauka, na ukurasa wa pili, unaotazamana nao, ukawa unanakili maneno kinyumenyume, hafifu, kama muhuri. Mkimya akampelekea Mama Mapacha ukurasa huo, wakauweka kwenye skana, wakaigeuza picha kushoto iwe kulia, wakaongeza weusi. Maneno yakatokea yamesimama sawasawa.

"Toba!" Mama Mapacha akacheka. "Umemfufua."

Mkimya naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Wakafika kwenye ukurasa wa dawa ya degedege.

Ulikuwa mfano wa hesabu. Mtoto wa uzito fulani, chupa ya dawa ya maji yenye nguvu fulani, je, apewe mililita ngapi? Uzito ulisomeka. Nguvu ya chupa ilikuwa imefagiwa. Jibu nalo limefagiwa, na katikati ya lile wingu la bluu ilionekana tano. Mbele ya tano palikuwa na kitu. Pengine sifuri na nukta. Pengine doa tu. Mkimya akainua karatasi dirishani, mfereji hauonekani. Akaenda kwenye ukurasa wa pili, nako wino ulikuwa umeburutwa vilevile. Akatafuta kwenye mtandao, akakuta dawa hiyo inatengenezwa kwa nguvu mbili. Kwa chupa moja jibu ni tano. Kwa chupa nyingine ni sifuri nukta tano. Bila kujua Mwalimu alishika chupa gani, hakuna hesabu inayofanyika.

Akaandika ndani ya mabano: haisomeki. Simu ikalia.

"Umefika wapi?" Ilikuwa sauti ya Mkuu.

"Naendelea, Mkuu. Kuna mahali pamefutika. Naomba niende hospitali nikamuulize mfamasia, wodini wanatumia chupa ipi."

"Hakuna muda. Kiwanda cha uchapaji kinasubiri. Wewe si umefundishwa? Jaza."

"Ni dawa ya watoto, Mkuu."

"Jaza! Kitabu chenye mabano mabano kinatia aibu. Na jina lake hapo juu toa, weka langu. Marehemu ana haja gani na jina?"

Sauti ya Mkuu ikashuka, ikawa laini.

"Kitabu chako cha mazoezi ya wodini kiko mezani kwangu, binti yangu. Hakijasainiwa. Bila saini hiyo hakuna cheti."

Simu ikakatwa. Mkimya alikaa akiitazama skrini mpaka ikafifia yenyewe. Alikuwa na hasira ambayo hana pa kuiweka. Alimchukia Mkuu. Alimchukia Mwalimu kwa kufa bila kukausha wino. Alijichukia yeye, maana mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kibodi. Akayafuta mabano. Akaandika tano. Ilipendeza kabisa, imekaa katikati ya sentensi kama imezaliwa hapo.

Akaona kumbe kujaza ni rahisi. Akajaza na mahali pengine. Halafu akaagiza ukurasa ule uchapwe, auone kwenye karatasi.

Printa ikavuta pumzi, ikatema. Mama Mapacha akaichukua karatasi, akakunja uso.

"Mbona umeigusa?"

"Sijaigusa. Iko mkononi mwako."

Kwingine kote ukurasa ulikuwa safi. Tano haikuwepo. Mahali pake palikuwa na wingu, limefagiwa kutoka kushoto kwenda kulia.

"Haiwezekani," Mama Mapacha akasema. "Hii ni tona, mwanangu. Ni unga. Inapita kwenye roli la moto, inapikwa kwenye karatasi. Hata ukiimwagia maji haivuji."

Akafungua printa, akatoa dramu inayobeba unga huo, akaipuliza, akaitazama kwenye mwanga. Akachapa karatasi ya majaribio, ikatoka safi. Akachapa maombi ya pasipoti ya yule mzee, yakatoka safi. Akarudia ukurasa wa Mkimya. Wingu. Palepale.

Mkimya akaweka kidole.

Palikuwa na unyevu. Akakiinua kidole.

Bluu.

Mama Mapacha akaitazama printa yake. "Hii haina rangi," akanong'ona. "Ni nyeusi tu. Haijawahi kuwa na rangi."

Mzee wa pasipoti alikusanya karatasi zake, akaondoka bila kuaga.

Mkimya akachapa kurasa zote alizojaza. Kila alipobuni, pamefagiwa. Kila alipoandika kilichopo kweli, pako shwari. Hakuna hata mahali pamoja palipokosewa. Akarudi kwenye meza ya dirishani, akafungua daftari kwenye ukurasa wa degedege.

Harufu ya wino ilimpiga puani. Wino mbichi.

Ukurasa wa pili, ule ulionakili, ulikuwa na maneno mapya. Kinyumenyume. Bluu iliyokolea mpaka karibu nyeusi. Yalikuwa yanang'aa.

Sasa elewa jambo moja, kwa sababu hapa ndipo nywele zilipomsimama. Wino ukinakili kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, lazima pawe na maneno yenyewe upande wa kwanza. Alitazama upande wa kwanza. Hapakuwa na kitu kipya. Kilikuwepo kivuli tu, na mwenye kivuli hayupo.

Hakuthubutu kuligusa. Akalibeba daftari likiwa wazi, mikono miwili, mpaka kwenye skana. Mama Mapacha akainua kifuniko. Taa ya skana ikapita polepole chini ya kioo. Picha ikaja kwenye skrini. Mama Mapacha akaigeuza, kushoto ikawa kulia.

Mwandiko aliujua. Ule wa kushoto, umelala nyuma, umekandamizwa kwa hasira mpaka herufi zimechanika.

NANI KAKUAMBIA?

Na chini yake, mstari wa pili, mkali kuliko wa kwanza:

HUJAONA. ANDIKA HUJAONA.

"Mwanangu," Mama Mapacha akasema kwa sauti ya chini sana, "andika hujaona."

Mkimya alilia pale kwenye kiti cha plastiki, lakini alikuwa analia kwa hasira, si kwa woga peke yake. Mwalimu wake alikuwa mkali hai, na sasa mkali amekufa, na alikuwa sahihi mara zote mbili. Akapangusa uso, akafungua kazi yake. Akafuta kila alichobuni, mahali kwa mahali, akarudisha mabano. Kwenye jalada akachapa jina kamili la Mwalimu, kwa herufi kubwa. Akachapa tena kwenye karatasi. Kurasa zikatoka zote safi, kavu, na joto la printa bado limo ndani yake.

Alipofika ofisini, Mkuu alizipekua akiwa amesimama.

"Nilikwambia nini?"

"Haisomeki, Mkuu. Siwezi kubuni dawa ya mtoto."

"Unajiona nani wewe?"

"Muuguzi," Mkimya akasema, sauti imeshuka kabisa.

Mkuu akacheka kwa pua. Akaipokonya flashi, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akakaa. Mkimya alisimama palepale akimwona anafuta mabano moja baada ya jingine bila hata kulifungua daftari. Kwenye ukurasa wa degedege hakusita. Akaandika tano, akaendelea. Kwenye jalada akafuta jina la marehemu, akaweka lake, akalirudisha kidogo kushoto likae katikati. Halafu akachapa.

Mkimya aliisubiri printa ile kwa moyo wote. Alikuwa anamwomba Mwalimu, kimoyomoyo: mwonyeshe. Mfagilie huyu.

Kurasa zikatoka safi. Tano imekaa wazi, nyeusi, haina wasiwasi.

Hapo ndipo hasira ya Mkimya ilipofika kooni. Alitembea njia nzima ya kurudi bwenini akigombana na maiti. Mimi mnyonge ndiye unayenichapa? Mimi unanitisha mpaka napungua kilo, huyu mwizi unamwachia? Shujaa gani wewe! Alilifungia daftari ndani ya sanduku, akalisukuma uvunguni. Alikwenda kwa makamu wa Mkuu kumweleza, akaambiwa mama huyo yuko safarini, atarudi siku ya kugawa vitabu.

Siku hiyo wanafunzi walijazwa ukumbini, kila mmoja na kitabu chake kipya mapajani. Mkuu alivaa tai. Alizungumza juu ya usiku mwingi aliokesha akiandika, na walimu waliomjua Mwalimu Nukta wakatazama viatu vyao. Makamu alikaa mbele, amefika saa hiyohiyo na begi bado liko miguuni. Mkimya alikuwa mstari wa nyuma, amejiapiza kwamba Mkuu akimaliza kuongea, yeye atasimama, cheti kiende kinakokwenda.

"Tuone kama mnajua kusoma," Mkuu akatania. "Fungueni mfano wa dawa ya degedege. Wewe hapo. Tusomee jibu."

Msichana wa mstari wa mbele akainama. Akakisogeza kitabu karibu na macho.

"Haisomeki, Mkuu."

"Vaa miwani. Wewe wa pembeni yake."

"Haisomeki, Mkuu."

"Wewe!"

"Pamefutika, Mkuu."

Ukumbi ukaanza kunong'ona. Kurasa zilikuwa zinafunguliwa kila upande, na watu wanapangusa vidole kwenye sare. Mkimya akafungua kitabu chake. Wingu. Kushoto kwenda kulia. Lilikuwa bado linasogea.

"Mnanichezea?" Mkuu alipiga meza. Jicho lake likampata Mkimya. "Ni wewe. Simama! Wewe ndiye uliyechapa. Soma!"

Mkimya akasimama.

"Nilikuandikia tangu mwanzo, Mkuu. Haisomeki. Ukaijaza wewe. Na kitabu hiki si chako."

Mkuu akanyakua nakala yake juu ya meza, akaifungua kwa nguvu, karatasi ikachanika ukingoni. Akatazama. Uso ukamlegea kwa ushindi.

"Hii hapa! Iko wazi! Vipofu nyie! Imeandikwa..."

Mdomo ukabaki wazi.

"Imeandikwa..."

Koo lilipanda. Likashuka. Ulimi ulikuwa unafanya kazi, wa mbele waliuona, lakini neno halikutoka. Akameza. Akajaribu tena. Ikatoka sauti ya kitu chenye majimaji.

Akatoa kitambaa mfukoni. Akajifuta midomo, kutoka kushoto kwenda kulia.

Kitambaa kikawa bluu.

Hakupiga kelele. Alikitazama tu, akakiweka mezani taratibu, akashuka jukwaani amefunga mdomo kwa kiganja, akatoka kwa mlango wa nyuma. Wanaomjua wanasema mpaka sasa anaongea kama kawaida, isipokuwa namba. Namba hawezi kuitamka hata moja.

Makamu ndiye aliyesimama. Aliamuru vitabu vyote vikusanywe, akatuma mtu amwite mfamasia wa hospitali aje na chupa ya dawa ya degedege, ile ile wanayompa mtoto wodini. Mfamasia akaja, akashika kitabu cha juu kabisa, akasoma bila shida.

"Tano," akasema.

Akachukua cha pili. Tano. Makamu akachukua mwenyewe, akapekua kimoja baada ya kingine. Tano, safi, nyeusi, kavu. Hakukuwa na doa katika nakala hata moja, na ukumbi mzima ulikuwa unaapa kwamba lilikuwepo.

Mfamasia alikuwa ameshaacha kusikiliza. Alikuwa anasoma kibandiko cha chupa, midomo inahesabu. Akavuta kiti, akakaa.

"Chupa yetu ni ile kali," akasema polepole. "Jibu ni sifuri nukta tano. Hii ni mara kumi. Mngempa mtoto hii, angelala. Halafu asingeamka."

Makamu alikisaini kitabu cha mazoezi cha Mkimya siku hiyohiyo, mbele ya watu. Vitabu vilichomwa uani. Vipya vilivyochapwa vina jina la Mwalimu mwenyewe juu, na kwenye ukurasa wa degedege kuna namba iliyotoka kwa mfamasia, na jina la mfamasia limeandikwa pembeni kwamba ndiye aliyeijaza. Mkimya aligoma kukubali kingine chochote, na aligoma kwa sauti ya chini, kwa hiyo walimsikiliza.

Kitambaa kilibaki mezani ukumbini. Hakuna mwalimu aliyekubali kukigusa. Mwisho mama anayefagia alikitoa kwa kijiti, akakitundika kwenye waya uani, juani, akisema kikikauka atakichoma kama vile vitabu. Kiangazi kizima kimepita, mabati ya bweni yakiwa ya moto mpaka ndege hawatui. Kila asubuhi anakwenda kukigusa kwa kijiti, na kila asubuhi chini ya waya, kwenye vumbi, kuna tone moja jipya la bluu.